Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Marufuku ya Kahawa kwa Mwafrika na Athari Zake katika Uchumi wa Kenya hadi Leo

Mtu anayepanda matatu ya kwenda Kahawa Wendani au Kahawa West huteremka mahali ambapo hakuna hata mti mmoja wa kahawa, na jina la kituo limebaki kama ukumbusho. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo watu wa Nairobi huuliza mazungumzo yanapofika kwenye kahawa: kwa nini babu alikatazwa kuipanda, kwa nini baba aliipanda akabaki maskini, na kwa nini mjukuu anataka kuing'oa. Nimejibu kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza. Nimeshughulikia zao moja tu, ingawa chai na pareto zina historia zinazofanana na hii.

Serikali ya kikoloni ilikataza nini hasa?

Mibuni ya kwanza inayojulikana nchini ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa, walioipanda Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na baada ya hapo walowezi wa Kizungu walianza kufungua mashamba ya kahawa Kiambu, Thika na kandokando ya mji wenyewe. Mwaka 1918 ilipitishwa sheria ya kuwasajili wakulima wa kahawa, ambayo ilimtaka kila mkulima awe na leseni. Kwa kawaida Mwafrika hakupewa leseni hiyo, na kwa hiyo kilichoitwa usajili kilifanya kazi ya marufuku.

Kuanzia mwaka 1933 serikali ililegeza kamba kidogo. Waafrika wachache wa Kisii, Embu na Meru waliruhusiwa kupanda kahawa kwa majaribio, chini ya usimamizi wa maafisa wa kilimo, na mwanzoni kila mkulima aliwekewa kikomo cha miti 100. Wakulima wa Kiambu, Murang'a na Nyeri, ambao mashamba yao yalipakana na yale ya walowezi au yalikuwa karibu nayo, walisubiri hadi miaka ya 1950. Tofauti hiyo ya maeneo ndiyo ushahidi mzuri kuliko hotuba yoyote ya enzi zile, na jibu linalofuata linaeleza sababu.

Kwa nini walikataza? Si kweli kwamba walihofia magonjwa ya mimea?

Hofu ya magonjwa haikuwa uzushi mtupu. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, unaoyaozesha yakiwa bado mabichi, ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1922, na shamba lisilopigwa dawa linaweza kuambukiza shamba la jirani. Walowezi walitaja pia wizi wa kahawa, kwa hoja kwamba Mwafrika mwenye miti yake mwenyewe angeweza kuiba kahawa ya Mzungu na kuiuza akidai ni mavuno yake. Tena walidai kwamba mkulima mdogo angeharibu sifa ya kahawa ya Kenya sokoni.

Lakini ipo sababu ambayo haikusemwa kwa sauti kubwa namna hiyo, nayo ni nguvukazi. Kahawa nzuri huchumwa kwa mkono, tunda kwa tunda, kwa kuchagua yaliyoiva na kuwa mekundu na kuyaacha mabichi kwa ajili ya mzunguko mwingine. Wakati wa mavuno, shamba la mlowezi lilihitaji mamia ya watu kwa wiki kadhaa. Mtu mwenye kahawa yake nyumbani hangetoka kwenda kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo, hasa kwa kuwa mavuno ya wote wawili yangekuwa katika msimu mmoja.

Serikali ilitumia njia kadhaa kuwasukuma watu kwenye kazi hiyo. Kodi ya kibanda, na baadaye kodi ya kichwa, zilipaswa kulipwa kwa fedha taslimu. Kipande, yaani cheti cha utambulisho kilichotundikwa shingoni katika kikebe cha bati, kilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kilimwezesha mwajiri kumsaka mfanyakazi aliyetoroka. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila mtu alijua "kuhimizwa" na chifu kulimaanisha nini. Sasa ukimzuia mtu huyo huyo anayedaiwa kodi asilime zao linaloleta fedha, umemwachia njia moja tu ya kuzipata.

Nairobi ililipa gharama ya mfumo huu kwa damu. Mnamo Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe, baada ya yeye kuongoza upinzani dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Polisi walifyatua risasi na kuua watu wasiopungua 20, karibu na mahali ambapo leo hupita barabara yenye jina la Thuku, kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tukirudi kwenye ile tofauti ya maeneo: kama shida ingekuwa magonjwa na ubora peke yake, Kisii na Meru hazikuwa na sababu ya kuaminiwa kuliko Kiambu. Zilichokuwa nacho ni umbali kutoka mashamba ya walowezi na vibarua wao.

Waafrika wangeweza kweli kulima kahawa bora wakati huo?

Jibu liko ng'ambo ya mpaka. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Tanganyika, ambayo nayo ilitawaliwa na Waingereza baada ya Wajerumani, Wachaga walilima kahawa kwenye vihamba vyao, yaani mashamba madogo ya familia, wakiichanganya na migomba. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikafuatiwa na ushirika mkubwa wa wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, uliokusanya na kuuza kahawa ya maelfu ya wakulima wadogo. Walowezi wa kule walilalamika kwa maneno yale yale ya magonjwa na wizi, lakini serikali ya Tanganyika haikuwakubalia kama ile ya Kenya.

Sisemi kwamba Wachaga walitajirika wote, wala kwamba ushirika wao haukuwa na migogoro. Hata hivyo, zao lile lile, chini ya mfalme yule yule na katika miaka ile ile, lilimfikia mkulima wa Moshi takriban miaka 30 kabla halijamfikia mwenzake wa Nyeri. Kilichowatenganisha ni uamuzi wa watawala.

Kuchelewa miaka 30 kuna uzito gani? Si waliruhusiwa mwishowe?

Hapa ndipo watu wengi hupitia haraka mno. Mbuni ni mti, si mahindi. Ukiupanda leo, utasubiri takriban miaka mitatu kabla ya kupata mavuno ya kwanza ya maana, na ukiutunza utaendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo kahawa ni aina ya akiba: familia huweka kazi na fedha ardhini mapema, kisha huishi kwa matunda ya mtaji huo. Aliyeanza mwaka 1925 alikuwa na miti iliyokomaa, ujuzi, akaunti ya benki na watoto waliosomeshwa kufikia mwaka 1955. Aliyeanza mwaka 1955 alikuwa na miche.

Suala la wakati lilikuwa baya zaidi kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Bei ya kahawa duniani ilipanda sana baada ya Vita Vikuu vya Pili na kufikia kilele mwaka 1954, na walowezi waliokuwa na miti iliyokomaa walivuna neema hiyo. Wakulima wengi wa Kiafrika wa Mkoa wa Kati walipanda katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo mavuno yao ya kwanza yalifika sokoni bei ikiwa inateremka. Mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliogawa kiasi ambacho kila nchi ingeruhusiwa kuuza. Mgao wa Kenya ulikuwa mdogo, na mwaka 1964 serikali mpya ya uhuru ilisimamisha upanzi wa miti mipya. Mkulima ambaye alizuiwa na mkoloni, kisha akakusanya fedha za miche mwaka 1965, alikuta mlango umefungwa tena, safari hii na serikali yake mwenyewe ikitimiza mkataba.

Hasara ya namna hii haionekani katika kitabu chochote cha hesabu, kwa sababu ni ya fedha ambazo hazikupatikana. Unaiona katika jambo lingine: wakati wa uhuru, walioweza kununua mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka walikuwa wale waliokuwa na mtaji au uwezo wa kukopa, na marufuku ilikuwa imehakikisha kwamba watu hao ni wachache.

Mpango wa Swynnerton ulikuwa nini, na kwa nini unasifiwa na kulaumiwa kwa pamoja?

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari na vita vya Mau Mau, Roger Swynnerton, afisa wa juu katika idara ya kilimo, aliandika mpango wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Uingereza ilitenga pauni milioni 5 kuuanzisha. Mambo makuu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuunganisha vipande vya ardhi vilivyotawanyika, ili kila familia iwe na shamba moja lenye hatimiliki. La pili lilikuwa kumruhusu Mwafrika alime mazao ya fedha, kahawa ikiwa mbele, na kumpa miche na maafisa wa kumwelekeza.

Wanaousifu wana hoja, na si vizuri kuizima. Katika muda wa miaka kumi mapato ya wakulima wadogo yaliongezeka zaidi ya maradufu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kahawa. Nyumba za mabati na karo za shule za miaka ya 1960 na 1970 katika Mlima Kenya zina harufu ya kahawa. Wakati baridi kali ilipounguza mashamba ya Brazili mwaka 1975 na bei ikaruka hadi juu sana katika miaka miwili iliyofuata, fedha ziliwafikia hata watu wenye nusu ekari.

Lawama inatokana na namna na wakati mpango ulivyotekelezwa. Watu zaidi ya milioni moja wa Kati walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na makumi ya maelfu walikuwa kizuizini. Ardhi ilipimwa na kugawanywa katika hali hiyo. Kamati zilizoamua kipande hiki ni cha nani ziliendeshwa na waliokuwepo, yaani machifu, askari wa ulinzi wa nyumbani na wafuasi wa serikali. Aliyekuwa kizuizini hakuweza kusimama mpakani na kusema, "Hapa ndipo alipozikwa baba yangu." Alipotoka, alikuta hatimiliki imeandikwa, na sheria ilikataza kufungua upya madai mengi ya aina hiyo.

Kulikuwa na kundi jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni la ahoi, watu waliolima ardhi ya ukoo mwingine kwa makubaliano ya kimila. Katika sajili ya ardhi hakukuwa na safu ya kuwaandika. Mkataba wa mdomo uliowalisha kwa vizazi ulifutwa kwa kalamu, na wengi wao waliishia kuwa vibarua wa mwenye hatimiliki au kuingia Nairobi.

Mpango wenyewe haukuficha matokeo haya. Uliandika waziwazi kwamba wakulima wenye nguvu wataweza kupata ardhi zaidi na wale dhaifu watapungukiwa, hata kuwepo tabaka lenye ardhi na tabaka lisilo nayo, na ukaiita hatua ya kawaida katika ukuaji wa nchi. Mara nyingi watafiti hulazimika kukisia nia ya sera. Hapa nia imeandikwa.

Kama marufuku iliondolewa, kwa nini mkulima mdogo hakupata faida sawa na shamba kubwa?

Kwa maoni yangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake ni kwamba mkulima mdogo aliruhusiwa kuingia shambani, lakini hakuruhusiwa kuingia sokoni. Zilitengenezwa njia mbili za kuipeleka kahawa mnadani.

Njia ya kwanza ni ya shamba kubwa. Mwenye shamba alipewa leseni ya kuwa na kiwanda chake mwenyewe cha kumenya matunda, kuyachachua, kuyaosha na kuyakausha. Kahawa yake ilisafiri ikiwa na jina lake, ikapimwa na kupangwa madaraja peke yake, na alilipwa kulingana na daraja aliyoipata.

Njia ya pili ni ya mkulima mdogo. Kwa muda mrefu sheria ilimtaka mwenye chini ya ekari 5 za kahawa apeleke matunda mabichi kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, ambacho wengi hukiita sosaiti. Pale matunda yake hupimwa kwa kilo na kumwagwa pamoja na ya wenzake. Kuanzia dakika hiyo hana kahawa tena, ana risiti ya kilo. Sosaiti huipeleka kahawa kwa mkoboaji, mkoboaji humpa wakala, wakala huipeleka kwenye mnada wa Nairobi, ambao kwa miaka mingi umefanyika Wakulima House, na fedha hurudi kwa njia hiyo hiyo, kila kituo kikikata chake. Jina la jengo lina kejeli yake, kwa kuwa wakulima wengi walioishi kwa mnada huo hawajawahi kuuona.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nilizozichagua kwa ajili ya kueleza tu. Mama ana miti 300. Ikipandwa kwa nafasi ya futi 9 kwa 9, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ekari. Kila mti unampa kilo 4 za matunda, kwa hiyo anapeleka sosaiti kilo 1,200. Kwa kawaida kilo 6 hadi 7 za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi iliyo tayari kuuzwa. Tukitumia 7, kilo zake ni kama 171. Tuseme mnadani zinauzwa kwa shilingi 700 kwa kilo. Jumla inakaribia shilingi 120,000.

Sosaiti ikikata asilimia 20 kwa uendeshaji na madeni, zinaondoka 24,000. Ukoboaji, usafiri, wakala na ushuru vikichukua 12,000, anabakiwa na 84,000, yaani shilingi 70 kwa kila kilo ya matunda. Bado hajawalipa wachumaji. Kwa shilingi 10 kwa kilo, hao ni 12,000. Mbolea na dawa tuseme 25,000. Kilichobaki ni shilingi 47,000 kwa mwaka, au chini ya 4,000 kwa mwezi, kwa zao ambalo nje huuzwa kama miongoni mwa bora duniani.

Ni haki kusema kwamba shamba kubwa nalo lina gharama za kiwanda na ukoboaji. Tofauti iko kwingine. Mwenye shamba kubwa anajua kila gharama kwa sababu anailipa mwenyewe, na akichuma kwa uangalifu bei yake inapanda. Yule mama akichagua matunda mekundu pekee huku jirani yake akichanganya mabichi, wote wawili watalipwa kiwango kimoja kwa kilo. Mfumo unamnyima sababu ya kuboresha kazi yake, kisha unamlaumu kwa ubora kushuka. Tena hupeleka matunda kati ya Oktoba na Desemba katika maeneo mengi ya Kati, na mara nyingi malipo makubwa huja mwaka unaofuata. Katikati hapo hukopa, na riba hukatwa kwenye malipo yale yale.

Ukoloni wa kahawa unahusianaje na maisha ya familia za Nairobi?

Ujira wa mashambani na mjini ulipangwa kana kwamba mfanyakazi ni kapera, kwa dhana kwamba mke na watoto wanajilisha wenyewe kijijini. Dhana hiyo ilimwezesha mwajiri kulipa chini ya gharama ya kulea familia. Mume akakaa mjini, mke akabaki na jembe. Kahawa ya kijijini ilipoanza, kazi ya kupalilia na kuchuma iliangukia wanawake, lakini uanachama wa sosaiti na akaunti vilifuata hatimiliki, na hatimiliki ilikuwa na jina la mume. Wapo wanawake waliochuma kwa miaka 40 bila kupokea malipo yenye majina yao, na ndiyo maana katika nyumba nyingi kahawa iliitwa zao la baba ingawa mikono ilikuwa ya mama.

Kwa nini Wakenya hawanywi kahawa yao?

Kwa sababu zao hili lilipangwa tangu mwanzo liondoke. Viwanda vya kuosha viko mashambani, lakini ukaangaji na ufungashaji, ambako bei ya rejareja hutengenezwa, vilijengwa karibu na wanywaji wa Ulaya. Hadi leo sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya husafirishwa ikiwa haijakaangwa. Nyumbani chai ilizoeleka zaidi. Mikahawa ya Nairobi inaongezeka, lakini kiasi inachonunua ni kidogo mno kuyumbisha bei ya mkulima.

Je, matatizo yote ya kahawa leo yanatokana na mkoloni?

Hapana, na anayesema hivyo huwapa nafuu watu wasioistahili. Uzalishaji wa Kenya ulifikia kilele katika msimu wa 1987/88, ulipokaribia tani 130,000. Hiyo ni robo karne baada ya uhuru. Mwezi Julai mwaka 1989 mgao wa mkataba wa kimataifa uliporomoka, nchi zikauza bila kikomo, na bei ikaanguka. Katika miaka ya 1990 sosaiti nyingi ziligawanyika na kubebeshwa madeni ambayo wanachama hawakuyaelewa, na viongozi waliojaza mifuko yao walichaguliwa na wanachama hao hao. Leo nchi huzalisha kama theluthi moja tu ya kile kilele cha zamani.

Kilichorithiwa ni umbo la mfumo. Bodi ya Kahawa, iliyoundwa mwaka 1933 wakati walowezi ndio wakulima, ilibaki kuwa muuzaji pekee kwa miongo kadhaa baada ya uhuru. Sheria iliyomkataza mkulima kung'oa mbuni bila kibali ilibaki pia, kwa hiyo bei ilipoanguka watu waliiacha miti ife yenyewe au walipanda maharagwe na mahindi katikati ya mistari. Serikali huru iliukuta mtambo unaokusanya fedha za kigeni kwa urahisi, na haikuona haraka ya kuufungua. Sheria ya mwaka 2001 ilianza kuupanua mlango, na tangu mwaka 2023 fedha za mnada hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja ili zisikae mikononi mwa wakala. Hata hivyo, njia mbili nilizozieleza hapo juu bado zinatambulika.

Mashamba makubwa yaliyokuwa Nairobi na Kiambu yalienda wapi?

Yamegeuka nyumba. Runda ilikuwa kahawa. Tatu City, upande wa Ruiru, imejengwa kwenye ardhi ya takriban ekari 5,000 iliyokuwa ya mashamba ya kahawa. Hapa tofauti ya karne iliyopita inajionyesha mara ya pili. Ardhi iliyotengwa kama shamba kubwa ilibaki kipande kimoja chenye hati moja, na kwa hiyo inauzwa kwa mjenzi kwa bei ya mji. Upande wa pili, kihamba cha ekari 2 kilichotolewa mwaka 1958 kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kufika robo ekari isiyotosha kahawa wala nyumba ya kupangisha yenye maana. Miti iliyong'olewa pande zote mbili ni ile ile, lakini mmoja aling'oa akapata mtaji, na mwingine aling'oa akapata mboga.

Nitajuaje kama malipo duni ya sosaiti yetu ni matokeo ya mfumo wa zamani au ni wizi wa leo?

Omba taarifa ya mauzo ya msimu, ambayo mwanachama ana haki ya kuiona, kisha anza na hesabu moja. Gawanya kilo za matunda zilizopokelewa kiwandani kwa kilo za kahawa safi zilizouzwa. Jibu likiwa kati ya 6 na 7, kahawa yenu imefika sokoni. Likiwa 8, huenda ukame ulileta matunda mepesi, na maofisa wa kiwanda wanapaswa kuonyesha ni kiasi gani kilielea wakati wa kuosha na kikakaushwa kama kahawa ya daraja la chini, ambayo nayo huitwa mbuni. Likiwa 9 au 10 katika mwaka wa mvua ya kutosha, kuna kahawa iliyopotea kati ya mizani na gunia.

Baada ya hapo tazama madaraja. AA na AB ni punje kubwa na za kati, PB ni zile za mviringo zinazokaa peke yake ndani ya tunda, na C na kushuka chini ni ndogo au zenye kasoro. Sosaiti jirani yenye udongo na mwinuko sawa ikipata AB nyingi na ninyi mkipata C, chunguzeni uchumaji, upigaji dawa, na pia kama magunia yenu yalibadilishwa kwa mkoboaji. Mwisho, linganisha tarehe ya kuuzwa mnadani na tarehe ya kulipwa. Makato makubwa yanayojulikana na kupitishwa katika mkutano mkuu ni uzito wa mfumo, na dawa yake ni sheria. Kilo zisizoonekana na miezi isiyoelezeka zina mtu, na swali la kumtaja hupelekwa kwenye mkutano huo huo likiwa na karatasi mkononi.